Prompti nne kwa foto moja ya chukudu: ipi inahuisha foto bila kugusa mpangilio wala rangi?

Mtu anayetaka kuhuisha foto iliyokwisha kupigwa vizuri hatafuti picha mpya. Anataka moshi usogee, turubai lipepee, labda kifua cha mtu kipande na kushuka, na vingine vyote vibaki palepale kwa rangi ileile. Modeli za kugeuza foto kuwa video, kama Runway Gen-4, Kling na Wan, zina uwezo huo. Kinachoamua kama zitautumia au zitachora upya ni, kwa sehemu kubwa, namna prompti ilivyoandikwa.

Tunalinganisha hapa namna nne za kuandika prompti kwa foto ileile, halafu njia mbili ambazo hazitegemei maneno peke yake. Prompti zenyewe tumeziacha kwa Kiingereza, kwa kuwa maelezo yaliyotumika kuzifunza modeli hizi mengi ni ya Kiingereza na Kichina. Mwenye kuandika kwa Kiswahili atapata video, lakini hatajua ni neno lipi lililosikika na lipi lililopotea njiani.

Foto yenyewe

Tuchukue foto ambayo mpiga picha yeyote wa Goma anaweza kuwa nayo. Ni asubuhi ya kiangazi, mwanga ni wa kijivu. Mwanamume mwenye koti la bluu amesimama kando ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, iliyobeba magunia manne ya makala, juu yake turubai lililofungwa kamba, pembe moja ikiwa wazi. Nyuma kuna ukuta wa mawe meusi ya volkano, na mbali zaidi volkano ya Nyiragongo ikitoa moshi mweupe unaoegemea kushoto. Faili ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani uwiano wa 3:2.

Kabla ya neno lolote la prompti, angalia uwiano huo. Huduma nyingi hutoa video ya 16:9. Ukiipa foto ya 3:2, itaikata kwa sababu 6000 kwa 16:9 inataka kimo cha 3375 tu, na pikseli 625 za kimo zitaondoka. Ikikata katikati, 312 hivi zinatoka juu na nyingine kama hizo chini: ncha ya moshi inapotea, na gurudumu la chukudu linabaki nusu. Mpangilio umeharibika hata kabla modeli haijaanza kazi, na hakuna prompti itakayourudisha. Kwa hiyo ama ukate mwenyewe, ukiamua kipi kitoke, ama utumie chombo kinachokubali uwiano wa foto. Wan huheshimu uwiano wa foto unayoipa. Kwa 3:2, pikseli 1152 kwa 768 ni kipimo kizuri: uwiano ni kamili, na namba zote mbili zinagawanyika kwa 16 kama modeli inavyotaka. Punguza foto hadi kipimo hicho na uihifadhi katika mfumo wa rangi wa sRGB. Kamera iliyowekwa Adobe RGB, au simu inayohifadhi Display P3, hutoa faili ambayo huduma nyingine huisoma vibaya, na rangi hupauka au hukolea kabla ya mwendo wowote. Faida ya pili ni ya mfukoni: faili ndogo haili megabaiti kila unapojaribu tena.

Modeli inasoma nini

Foto hubanwa kuwa data ndogo na kuwekwa kama fremu ya kwanza. Fremu nyingine zote zinaanza zikiwa kelele tupu, kisha zinasafishwa hatua kwa hatua, foto ikivuta upande wake na maneno yakivuta upande wao. Fremu ya kwanza haina pa kwenda. Fremu ya thelathini ina uhuru mkubwa, na ya themanini mkubwa zaidi. Ndiyo maana video nyingi mbovu zinaanza vizuri kabisa: kosa linaingia pole pole, na katika sekunde ya nne unakuta anga lingine.

Shika basi jambo moja: kila unachokitaja, modeli inakichukua kama kitu cha kuchora. Kisichotajwa inakikamilisha kwa mazoea, yaani kwa vile video nyingi ilizojifunza zinavyokwenda. Namna nne zinazofuata zinatofautiana hapo tu.

Namna ya kwanza: kuisimulia foto nzima

```
A man in a blue jacket stands beside a wooden scooter
loaded with charcoal sacks, in front of a majestic volcano,
golden morning light, cinematic, vibrant colors
```

Hii ndiyo namna inayotumika zaidi, kwa sababu watu wameizoea katika kutengeneza picha kwa maneno. Kwa kuhuisha foto ni mbaya kuliko zote, na inafaa kueleza kwa nini, neno kwa neno.

`golden morning light` inapingana na foto. Foto ni ya kijivu, maneno yanasema dhahabu. Fremu ya kwanza inabaki kijivu, kisha wekundu na njano vinaingia kidogo kidogo. `vibrant colors` inafanya koti la bluu lizidi kuwa bluu. `cinematic` haina rangi moja wala tendo moja, lakini video zilizoandikwa hivyo mara nyingi zina kamera inayosogea mbele taratibu na vivuli vilivyokolezwa, basi unapata vyote viwili bila kuviomba.

`wooden scooter` inaleta hasara ya namna nyingine. Chukudu ni chombo cha kwetu Kivu. Kiingereza hakina neno linaloielezea, na modeli haikuiona mara nyingi. Unapoiita skuta au baiskeli, unaialika modeli ilete skuta inayoijua: usukani wa mbao unaanza kung'aa kama chuma, gurudumu la mbao linakuwa la baiskeli, pengine hata pedali zinajitokeza. Ushauri wetu hapa hauna sharti: usiitaje chukudu kabisa. Imo ndani ya foto, modeli inaiona. Kutoitaja ndiko kunakoilinda.

Halafu kuna `volcano`. Video nyingi zenye jina hilo ni za milipuko. Unapolitaja, moshi mweupe unaweza kupata wekundu chini yake, au cheche zikaruka kutoka kilele. Kwingineko hilo ni kasoro ya picha tu. Goma, ambako lava ilishuka mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, video ya sekunde tano yenye Nyiragongo inayowaka ikiingia kwenye vikundi vya simu inaweza kuwatoa watu majumbani. Neno hilo lisiingie kwenye prompti ya foto ya aina hii, na klipu iliyotoka salama bado iandikwe chini kwamba ni foto iliyohuishwa.

Namna ya pili: mwendo peke yake

```
The white plume drifts slowly to the left.
The loose edge of the tarp lifts and settles.
```

Tofauti inaonekana mara moja. Hakuna neno la rangi linalopingana na foto, hakuna jina la kitu ambacho modeli ingekichora upya. `white` imebaki kwa kuwa inatambulisha moshi upi, na kwa kuwa ni kweli. Tumechagua `plume` badala ya `smoke`, maana `smoke` huvuta moto na weusi. Mwelekeo nao umechukuliwa kutoka kwenye foto: moshi umeegemea kushoto, basi unakwenda kushoto. Ukiuambia uende kulia, modeli italazimika kuukunja upya, na kuukunja ni kubadili umbo lake.

Kasoro ya namna hii ni yale iliyonyamazia. Haikusema lolote kuhusu kamera, na modeli nyingi hupenda kuisogeza. Haikusema lolote kuhusu mtu, na watu katika video hutembea. Kwa foto isiyo na mtu, kama ziwa na mitumbwi, namna ya pili inatosha mara nyingi. Kwa foto yetu, mwanamume anaweza kushika usukani na kuanza kusukuma mzigo wake nje ya picha.

Namna ya tatu: makatazo

```
The plume moves. No zoom, no camera movement, no lava,
do not change colors, the man must not walk
```

Aliyeandika hivi ameona hatari zote, lakini amezitaja zote kwa majina. Sehemu inayosoma maneno haishiki ukanushi vizuri: `no zoom` inabaki na `zoom` ndani yake, na `no lava` imeleta lava mahali ambapo haikuwapo. Maelekezo ya Runway yenyewe yanaonya dhidi ya kuandika kwa kukanusha, kwamba unaweza kupata kinyume cha ulichokitaka.

Kling na Wan zina nafasi tofauti ya makatazo, na huko mambo yanabadilika. Modeli inapiga hesabu mara mbili katika kila hatua, mara moja kwa prompti yako na mara moja kwa makatazo, kisha inajisukuma mbali na ya pili. Hapo andika majina tu, bila `no`:

```
zoom, pan, camera shake, walking, lava, fire,
color shift, oversaturated, text
```

Kuna mtego mmoja unaowapata wanaoendesha Wan kwenye kompyuta yenye kadi ndogo ya michoro. Wengi wao huongeza LoRA za kuharakisha, yaani faili ndogo za nyongeza kwa modeli, kama `lightx2v`, ambazo hushusha kazi hadi hatua 4 hivi na kuweka `cfg`, yaani nguvu ya kufuata prompti, kuwa 1. Kwa `cfg` ya 1 hesabu ya pili haifanyiki kabisa. Orodha yako ya makatazo ipo kwenye skrini lakini hakuna anayeisoma. Ukiona kwamba kuongeza au kufuta neno kwenye nafasi hiyo hakubadilishi chochote kwa mbegu ileile, yaani namba ileile inayoanzisha kelele, sababu ndiyo hiyo. Upande wa pili, `cfg` iliyopandishwa sana hukaza rangi na utofauti wa mwanga. Wan 2.1 huja na 5. Anayepandisha hadi 8 ili prompti itiiwe zaidi, atatiiwa, na koti la bluu litaungua.

Namna ya nne: mwendo, pamoja na utulivu uliotajwa kwa kauli ya kukubali

```
Locked-off static shot, the frame stays fixed from start
to end. The white plume at the top drifts slowly to the left.
The loose edge of the tarp lifts slightly and settles.
The man stays standing in place, breathing calmly.
Light and exposure stay constant.
```

Hii ndiyo tunayoichagua kwa foto yetu. Ni namna ya pili iliyozibwa matundu. Badala ya kukataza kamera isisogee, inasema kamera iko vipi. Badala ya kumkataza mtu asitembee, inampa kazi ndogo ya kufanya papo hapo: anasimama, anapumua. Modeli inapenda kumpa mtu tendo, na ukimpa la kupumua, haimtafutii jingine.

Sentensi ya mwisho imeandikwa kwa uangalifu. Haisemi `keep the grey tones` wala `natural colors`, kwa kuwa kila moja ingekuwa amri ya rangi. Inasema tu mwanga haubadiliki. Rangi inaachiwa foto.

Wengine wataongeza kupepesa macho au tabasamu. Pima uso kwanza. Tuseme uso una kimo cha pikseli 400 katika faili kubwa. Foto ikishuka kutoka kimo cha 4000 hadi 768, uso unabaki na 77 hivi. Modeli nyingi, Wan 2.1 ikiwemo, hubana picha mara nane kila upande, kwa hiyo uso mzima unahifadhiwa katika visanduku visivyofika kumi kwa kimo. Hapo hakuna nafasi ya kope. Ukiomba macho yapepese, unapata uso wa mtu mwingine, na mwenye foto atalitambua hilo kabla ya kuona moshi. Kwa uso mdogo namna hiyo, pumzi inatosha. Hali ni hiyo hiyo kwa mama aliyevaa kikwembe chenye maua madogo: kitambaa kikitikiswa, maua yanachanganyikana. Acha kikwembe kitulie, mwendo uende kwenye kitu kisicho na michoro midogo.

Sharti moja la kuifanya namna hii ifanye kazi: zima kuandikiwa upya. Huduma nyingi zina kitufe kama `Enhance Prompt`, na Wan ina `--use_prompt_extend`. Kikiwa wazi, sentensi zako tano zinarefushwa na programu nyingine inayoongeza sifa za mwanga, hisia na kamera, na unarudishwa kwenye namna ya kwanza bila kujua. Wengi wanaolalamika kwamba prompti ya mwendo haifanyi kazi hawakuwahi kuituma. Iliyotumwa ni nyingine.

Urefu nao uwe mfupi. Chukua sekunde 5 badala ya 10. Kwa Wan 2.1 hiyo ni fremu 81 kwa kasi ya fremu 16 kwa sekunde. Kuteleza kwa rangi hukua kadiri fremu zinavyokwenda mbali na foto, na moshi wa sekunde tano unatosha.

Kujua kama kweli haikubadilika

Jicho huzoea mabadiliko ya polepole, kwa hiyo usiamue kwa kutazama video ikicheza. Toa fremu ya kwanza na ya mwisho kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -frames:v 1 mwanzo.png
ffmpeg -sseof -0.5 -i klipu.mp4 -update 1 mwisho.png
```

Kisha zitoe tofauti:

```
ffmpeg -i mwanzo.png -i mwisho.png -filter_complex \
"[0:v]format=gbrp[a];[1:v]format=gbrp[b];[a][b]blend=all_mode=difference" \
tofauti.png
```

Palipobaki sawa panakuwa peusi. Kwa klipu nzuri ya foto yetu, utaona doa la moshi, ukingo wa turubai, na mstari hafifu begani kwa mtu. Ukiona kingo zote za mawe ya ukuta zimechoreka kwa mistari myembamba, kamera imesogea, hata kama hukuiona. Ukiona picha nzima imefunikwa na utando wa rangi moja bila mistari, mpangilio umetulia lakini rangi imeteleza.

Ukuta wa mawe meusi unakusaidia hapa, kwa sababu ni karibu kijivu tupu. Fungua fremu zote mbili katika GIMP, chagua jiwe moja, soma namba zake. Tuseme mwanzo ni 92, 90, 88. Mwisho ikiwa 94, 91, 89, hiyo ni kelele ya kubana video, iache. Ikiwa 104, 95, 83, nyekundu imepanda na bluu imeshuka: mwanga umegeuzwa wa jioni. Rudi kwenye prompti utafute neno lililofanya hivyo.

Linganisha pia foto uliyoipakia na `mwanzo.png`. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayookoa muda. Tofauti ikiwepo tayari hapo, prompti haina kosa. Tafuta kwenye sRGB, kwenye ukataji, au kwenye namna huduma inavyobana faili. Tofauti ikianza sifuri na kukua kuelekea mwisho, ndipo kosa ni la maneno au la `cfg`.

Pale maneno yasipotosha

Njia ya kwanza ni kuiweka foto ileile kuwa fremu ya mwanzo na ya mwisho. Kling inaruhusu, na Wan 2.1 ina modeli maalumu ya kazi hiyo, `FLF2V`. Rangi haina pa kutelezea kwa sababu lazima irudi ilikotoka, na klipu inaweza kuzunguka bila mshono. Inafaa kwa vinavyokwenda na kurudi: turubai, majani ya migomba, pumzi, mawimbi madogo ya Kivu. Kwa moshi haifai. Moshi unaokwenda kushoto hauwezi kuwa palepale ulipoanza, na modeli hulitatua hilo ama kwa kuurudisha nyuma ama kwa kutousogeza kabisa.

Njia ya pili ndiyo pekee inayotoa uhakika kamili. Tengeneza klipu kwa namna ya nne, kisha katika programu ya kuhariri kama Kdenlive au DaVinci Resolve weka foto yenyewe juu ya video, kwa kipimo kilekile, na utoboe sehemu mbili tu: ya moshi na ya pembe ya turubai, kingo zikilainishwa kwa pikseli 10 hadi 20. Kila kitu nje ya matundu hayo sasa ni foto, pikseli kwa pikseli: uso, chukudu, maandishi ya ukutani. Gharama yake ni kazi ya mkono, na inadai kamera iwe imetulia kweli. Klipu iliyosogea pikseli mbili itaonyesha mshono kwenye mteremko wa mlima. Rangi iliyoteleza nayo itaonekana kama duara kuzunguka moshi.

Kwa tangazo la dukani au klipu ya simu, namna ya nne inatosha. Foto ya arusi, ya msiba au ya mteja anayelipia uso wake tungeitobolea matundu kila mara. Foto ya usiku ya Nyiragongo, yenye wekundu wa lava uliomo kweli ndani yake, ni suala jingine: hapo hata `glow` ikitajwa mara moja, wekundu hupanda fremu hadi fremu. Katika prompti yake taja mawingu tu, sehemu ya wekundu ibaki chini ya foto isiyotobolewa, na jiwe la kupimia lichaguliwe mbali na mwanga huo.